Mstari wa 0111: jedwali lenye mistari 16 ambalo halikukamilika

Kisa hiki kilitokea katika chuo kimoja cha ufundi hapa Malindi, tulipokuwa tunasahihisha mtihani wa mantiki ya dijitali wa mwisho wa muhula, na msahihishaji aliyeteleza ni mimi mwenyewe. Ninakiandika kwa urefu kwa sababu kosa la mtahiniwa lilikuwa la mstari mmoja tu, ilhali kosa langu lilikuwa la kusoma kila mstari ulioandikwa bila kuutafuta ule ambao haukuandikwa.

Swali lenyewe lilikuwa jepesi kwa makusudi. Kamati ya ufuo wa wavuvi ina wajumbe wanne, A, B, C na D, na kila mjumbe amewekewa kitufe mbele yake. Taa ya mezani inatakiwa iwake pale wajumbe watatu au zaidi wanapobonyeza, na isiwake vinginevyo. Mtahiniwa alitakiwa aandike jedwali la ukweli, ahamishie majibu kwenye ramani ya Karnaugh, atoe usemi uliorahisishwa, kisha achore sakiti. Swali lilikuwa na alama 12: jedwali 4, ramani 3, usemi 3 na sakiti 2. Mwanafunzi aliyehudhuria vipindi hatarajiwi kulishindwa, kwa kuwa kuamua tokeo la kila mstari ni suala la kuhesabu moja zilizomo ndani yake na kuona kama zimefika tatu.

Kijana ninayemzungumzia alifanya hivyo hasa. Jedwali lake lilianzia chini ya ukurasa mmoja na kumalizikia juu ya ukurasa uliofuata. Mwandiko wake ni mzuri, tarakimu zimekaa wima chini ya herufi zake, na hakuna mahali alipofuta. Nilisahihisha majedwali ya darasa zima kwanza, siku ya kwanza, na nilipofika kwake nilifanya mambo mawili ambayo niliyaona yanatosha. Nilihesabu mistari nikapata 16, idadi inayotakiwa kwa vigeu vinne. Kisha nikapita mstari kwa mstari nikiuliza kama tokeo linaafikiana na maingizo yake. Kila mstari ulikuwa sahihi. Nikampa alama 4 kati ya 4 nikafungua kijitabu kingine.

Siku ya pili nikarudia vijitabu vile vile kwa ajili ya ramani na usemi, safari hii nikiwa na jibu la mfano pembeni. Ramani ya kijana ilikuwa na moja nne badala ya tano, nikaondoa alama moja. Usemi wake ulikuwa huu:

```
F = ABC + ABD + ACD
```

Jibu la mfano lina sehemu nne, yeye ana tatu, nikampa alama 1 kati ya 3. Sakiti yake ilifuata usemi wake bila dosari, nikampa zote 2. Jumla ikawa 9, na kwangu mimi jambo lilikuwa limekwisha.

Vijitabu viliporudishwa, kijana alikuja ofisini saa za adhuhuri. Aliniamkia, nikamwitikia, akaketi, kisha akasema kwa utaratibu: "Mwalimu, sikuja kuomba alama. Nimekuja kuuliza kosa langu liko wapi. Jedwali umelitia alama ya sawa lote. Ramani nimeitoa kwenye jedwali, na usemi nimeutoa kwenye ramani. Kama jedwali ni sawa, usemi umekuwaje si sawa?"

Swali lile halikuwa na jibu la haraka, kwa kuwa kijana alikuwa na haki. Jedwali la ukweli likikamilika, halina nafasi ya maoni. Ramani ni jedwali lile lile lililopangwa upya, na usemi ni ramani ile ile iliyoandikwa kwa herufi. Haiwezekani jedwali liwe sahihi lote, uhamishaji uwe sahihi, makundi yawe sahihi, kisha usemi uwe na upungufu. Mahali fulani katika msururu ule nilikuwa nimeweka alama ya sawa mahali pasipostahili. Nikamwomba tukae nalo tuliangalie pamoja.

Nilianza kwa ramani kwa sababu ndiyo inayoonyesha kasoro kwa jicho. Katika ramani ya vigeu vinne, mistari inabeba AB na safu wima zinabeba CD, zote kwa mpangilio wa 00, 01, 11, 10, ili visanduku viwili vinavyopakana vitofautiane kwa tarakimu moja tu. Kwa kanuni ya watatu au zaidi kati ya wanne, moja tano hukaa hivi:

```
AB\CD  00  01  11  10
 00     0   0   0   0
 01     0   0   1   0
 11     0   1   1   1
 10     0   0   1   0
```

Umbo lake ni alama ya kujumlisha. Katikati ni 1111, yaani wote wamebonyeza, na kila mkono ni kikao ambacho mjumbe mmoja hakubonyeza: juu ni kikao asichobonyeza A, chini asichobonyeza B, kushoto asichobonyeza C, kulia asichobonyeza D. Kila mkono ukiunganishwa na kisanduku cha katikati unatoa sehemu moja ya usemi, na ndiyo maana sehemu ni nne. Ramani ya kijana ilikuwa alama ya kujumlisha iliyokatwa mkono wa juu. Kisanduku cha mstari wa 01 na safu ya 11, yaani 0111, kilikuwa kitupu.

Nasema kitupu kwa sababu yeye, kama wanafunzi wengi, alijaza moja peke yake na kuviacha visanduku vya sifuri bila kitu. Mtindo huo unaokoa wino, lakini unazika ushahidi. Angeandika sifuri zote, visanduku 15 vingekuwa na tarakimu na kimoja kingebaki wazi, na hata yeye mwenyewe angejiuliza kwa nini. Akiacha sifuri bila kuziandika, kisanduku ambacho jedwali limesema ni sifuri kinafanana kabisa na kisanduku ambacho jedwali halikusema chochote. Hizo ni hali mbili tofauti, na kwenye karatasi yake hakuna awezaye kuzitenganisha.

Tukarudi kwenye jedwali kutafuta mstari wa 0111. Haukuwapo. Hapa ndipo mahali penyewe, kama yalivyokuwa mwishoni mwa ukurasa mmoja na mwanzoni mwa mwingine:

```
A B C D | F
0 1 0 0 | 0
0 1 0 1 | 0
0 1 1 0 | 0
-----------   (ukurasa unaofuata)
0 1 1 0 | 0
1 0 0 0 | 0
1 0 0 1 | 0
```

Mstari wa 0110 umeandikwa mara mbili, na wa 0111 haukuandikwa hata mara moja. Ukurasa wa kwanza ulimwishia akiwa ameandika mistari saba. Alipofungua ukurasa wa pili, aliurudia mstari wa mwisho ili asipotee, kama mtu anayenakili barua anavyorudia neno la mwisho juu ya ukurasa mpya. Kisha akauhesabu ule wa marudio kuwa ni wa nane, na baada ya wanane wenye A sifuri wanakuja wanane wenye A moja, basi akaruka kwenda 1000. Saba, na mmoja, na wanane, jumla 16. Hesabu ya mistari ikanipitishia uongo kwa sababu nilihesabu mistari iliyoandikwa wala si hali zilizotajwa. Na ukaguzi wangu wa mstari kwa mstari nao haukusaidia, maana kila mstari alioandika ulisema kweli, hata ule wa marudio. Kilichokosewa hakikuwa na mahali ambapo ningekikuta.

Kijana aliinamia karatasi kitambo, kisha akasema, "Lo, nimeuandika mara mbili." Mimi pia nilikuwa na la kusema, lakini nililiweka kwa wakati ule.

Njia ambayo ingenionyesha kosa lile siku ya kwanza ni kuhesabu kwa safu wima badala ya kuhesabu kwa mistari. Katika jedwali kamili la vigeu vinne, kila safu ya maingizo ina moja 8 na sifuri 8, bila kujali mistari imepangwa vipi. Mstari mmoja ukikosekana na mwingine ukirudiwa, kila safu inapoteza tarakimu ya mstari uliokosekana na kupata tarakimu ya mstari uliorudiwa. Pale tarakimu hizo mbili zinapofanana, hesabu inabaki 8. Pale zinapotofautiana, hesabu inashuka hadi 7 au inapanda hadi 9. Katika karatasi ya kijana, safu ya A ilikuwa na moja 8, ya B 8, ya C 8, na ya D 7. Hesabu hiyo peke yake inasema mengi. Mstari uliokosekana unaishia na 1, uliorudiwa unaishia na 0, na katika A, B na C mistari hiyo miwili inafanana. Kwa hiyo hakuna haja ya kutafuta popote: mistari yenye uhusiano huo iko katika jozi nane tu, 0000 na 0001, 0010 na 0011, na kuendelea, na mtu anateremka nazo mpaka aifikie jozi iliyovunjika. Kwetu ilikuwa jozi ya nne.

Mstari ukikosekana bila mwingine kurudiwa, jedwali linabaki na mistari 15, na hapo hesabu ya safu ni ya ajabu zaidi kwa urahisi wake, kwa kuwa inautaja mstari uliopotea kwa jina. Safu yenye moja 7 imepoteza moja, na safu yenye moja 8 imepoteza sifuri. Ukikuta A 7, B 8, C 7, D 8, umeshausoma mstari wenyewe: ni 1010. Ninapenda kuwaonyesha wanafunzi jambo hili kabla ya kuwapa maelezo yake, kwa kuwa wanadhani ni kiinimacho.

Hata hivyo hesabu ya safu ina mpaka wake, na mpaka huo lazima utajwe. Ikikosekana mistari miwili na kurudiwa miwili, makosa yanaweza kufutana. Mwanafunzi aliyeacha 0111 na 1000, akarudia 0110 na 1001, atakuwa na moja 8 katika kila safu na mistari 16 kamili, na hesabu haitamgundua. Kwa hiyo safu zisipolingana, kosa lipo bila shaka; zikilingana, bado hujathibitisha kitu. Uthibitisho wa mwisho ni wa kazi ya mkono zaidi. Chukua penseli, andika pembeni mwa kila mstari thamani yake ya kawaida, 0 hadi 15, kisha uhakikishe kwamba kila namba imetokea mara moja. Katika karatasi ya kijana pembeni pangesomeka 5, 6, 6, 8, na jicho la yeyote aliyewahi kuhesabu lingekwama pale pale. Mimi sasa ninaanza na safu kwa kuwa ni haraka, na penseli ninaitumia pale usemi wa mwisho haufanani na ninavyotarajia.

Mwenzangu mmoja aliuliza kwa nini sikuliweka jibu la mfano kando ya jedwali na kulinganisha safu ya F tu, kutoka juu hadi chini. Kwa karatasi hii njia hiyo ingefaulu: mstari wa nane wa jibu la mfano una 1, wa kijana una 0. Lakini ingefaulu kwa sababu isiyo yake. Msahihishaji angeandika kwamba tokeo la mstari wa nane limekosewa, ilhali tokeo la 0110 ni sifuri kweli, na mwanafunzi angerudi akiwa na hoja nzito kuliko ya kwanza. Isitoshe, njia hiyo inamwadhibu mwanafunzi aliyeipanga mistari yake kwa mpangilio mwingine, kwa mfano ule wa 00, 01, 11, 10 ili iende sambamba na ramani. Jedwali la namna hiyo ni halali kabisa, maana jedwali la ukweli linadaiwa ukamilifu. Mpangilio ni desturi tu ya kutusaidia tusipotee.

Tukirudi kwenye usemi, dalili zilikuwepo hata kwa mtu asiyeliona jedwali. Swali halimbagui mjumbe yeyote. Ukibadilishana viti vya A na C, kanuni inabaki ile ile, kwa hiyo usemi sahihi nao lazima ubaki ule ule herufi zikibadilishana nafasi. Jibu kamili ni hili, na kila herufi inaonekana mara tatu:

```
F = ABC + ABD + ACD + BCD
```

Katika usemi wa kijana, B, C na D zinaonekana mara mbili kila moja, na A mara tatu. Kanuni isiyobagua imezaa usemi unaobagua. Ukiutoa A nje ya mabano ubaguzi unaonekana wazi:

```
F = A(BC + BD + CD)
```

Weka A = 0, na usemi wote unakuwa sifuri hata B, C na D wakibonyeza mpaka vidole viume. Maana yake kwa kamati ni kwamba mjumbe A amepewa kura ya turufu. Watatu kati ya wanne wamekubaliana, kanuni inasema azimio limepita, lakini taa haiwaki kwa sababu mwenye kiti cha kwanza hakutaka. Wenye uzoefu wa kamati za hapa kwetu watasema huenda sakiti ile inaeleza mambo yalivyo hasa, lakini swali halikuuliza hivyo.

Nilimwomba pia aende nyuma hatua moja, aandike usemi kabla ya kurahisisha, kwa kuwa pale ndipo urahisishaji wa aljebra unapofuata jedwali mguu kwa mguu. Kutoka kwenye jedwali lake zinatoka sehemu nne, na kila moja ina A isiyokanushwa. Kutoka kwenye jedwali kamili zinatoka tano:

```
F = A'BCD + AB'CD + ABC'D + ABCD' + ABCD
```

Sehemu ya ABCD inaweza kurudiwa mara nyingi tupendavyo, maana kitu kujumlishwa na chenyewe katika aljebra hii hakibadiliki. Inaunganishwa na kila mojawapo ya zile nne, na kila muungano unaondoa herufi moja. Kijana aliirudia mara tatu, akaunganisha mara tatu, na hakuna hatua aliyokosea. Nilitaka alione hili kwa sababu ndilo jibu la swali alilokuja nalo. Kurahisisha kwake kulikuwa safi. Alikuwa amerahisisha, bila dosari, kanuni ya kamati nyingine.

Ukaguzi wa usemi dhidi ya jedwali nao unafanyika kwa kwenda upande wa pili, yaani kuupanua. ABC inagusa mistari ya 1110 na 1111, ABD inagusa 1101 na 1111, ACD inagusa 1011 na 1111. Ukiondoa marudio inabaki mistari minne. Kanuni yenyewe inataka mitano: wanne wa namna ya mmoja kutobonyeza, na mmoja wa wote kubonyeza. Idadi hii ya moja katika safu ya F inapatikana kabla ya kuandika jedwali lolote, na laiti ningekuwa nimeiandika kwenye karatasi yangu ya mwongozo siku ya kwanza, nisingehitaji siku ya pili.

Kwa kuwa maabara ilikuwa wazi, tuliijenga sakiti yake kwenye ubao wa kuchomekea. Ikijengwa kwa usemi ule wenye A nje ya mabano, inahitaji geti nne za NA na geti mbili za AU, zote za maingizo mawili, kwa hiyo chipu moja ya 7408 na moja ya 7432 zinatosha, kwa umeme wa volti 5. Alibonyeza A, B na C, taa ikawaka. Akabonyeza B, C na D, taa ikabaki imezima, akanitazama. Kisha tukajenga iliyo sahihi, kwa kuitoa hivi:

```
F = AB(C + D) + CD(A + B)
```

Hii ina geti nne za NA na tatu za AU, na chipu ni zile zile mbili. Tofauti kati ya kamati yenye haki na kamati yenye mwenye turufu ilikuwa geti moja iliyokuwa imelala bila kazi ndani ya 7432, pamoja na nyaya chache. Niongeze tahadhari kwa atakayetaka kutumia jaribio la ubao kama ukaguzi: katika chipu za familia hii, mguu wa ingizo ulioachwa bila kuunganishwa kwa kawaida husomeka kama moja. Waya wa A ukichomoka bila kuonekana, sakiti yenye kosa itawaka kwa B, C na D, na jaribio litalificha kosa lile lile lililokusudiwa kulifichua. Kila kitufe kisipobonyezwa lazima kiwe kimevutwa hadi sifuri kwa kizuizi.

Likabaki suala la alama, ambalo kwangu lilikuwa gumu kuliko suala la mantiki. Nilivyosahihisha mwanzo, mahali palipokosewa palisifiwa, na mahali palipofuata kosa kwa uaminifu paliadhibiwa mara mbili. Utaratibu wetu unasema kosa likishakatwa alama pale lilipotokea, hatua zinazofuata zihukumiwe kwa kile mwanafunzi alichokuwa nacho mkononi. Kwa hiyo jedwali likashuka kutoka 4 hadi 3, kwa kuwa tarakimu zote alizoandika ni sahihi isipokuwa mstari mmoja haupo. Ramani ikapanda hadi 3, maana imelifuata jedwali bila kuteleza. Sakiti ikabaki 2.

Kwenye usemi nilisita. Kwa kufuata utaratibu neno kwa neno angestahili zote 3. Lakini kosa lake lilikuwa limeifanya kazi iliyofuata iwe nyepesi: makundi matatu badala ya manne. Zaidi ya hapo, swali lenyewe lilikuwa mbele yake likisema wajumbe watatu wowote, na usemi wake ulikuwa unamtaja A kila mahali. Nikampa 2, na nikamweleza kwa nini, naye alikubali ingawa nadhani hakuridhika. Mwenzangu angempa 3, na sidhani kama amekosea. Jumla ikawa 10. Kwa maneno mengine, kulipata kosa lake kulimwongezea alama moja.

Kuna sura nyingine ya kisa hiki ambayo inanisumbua zaidi, ingawa haikuwa yake. Tuseme mwanafunzi mwenye jedwali lile lile amekiona kisanduku cha 0111 kuwa kitupu na akakitia alama ya X, ile tunayoitumia kwa hali isiyotokea, ambayo mtu ana hiari ya kuihesabu moja au sifuri. Atakihesabu moja kwa kuwa kinamrahisishia kundi, atapata BCD, na usemi wake utalingana na jibu la mfano herufi kwa herufi. Msahihishaji anayeanza na jibu la mwisho atampa alama zote. Ila swali halikutoa hali isiyotokea. Wajumbe B, C na D wanaweza kubonyeza siku yoyote. X ile ni mstari uliosahaulika, na hiari aliyoitumia haikuwa yake. Kama tokeo la mstari lilikuwa sifuri kweli, bahati hiyo hiyo ingemwangusha. Kwa karatasi ya namna hiyo ningekata jedwali na ramani, na usemi ningeupa alama 1 ya kupanga makundi.

Jioni ile nilivirudia vijitabu vyote kwa hesabu ya safu. Vilikuwa 31, na upepo wa kaskazi uliokuwa unapita madirishani ulinilazimisha kuweka chipu na koleo juu ya kila rundo. Nilipata viwili zaidi. Cha kwanza kilikuwa na mistari 15, safu za A, C na D zina moja 7 na ya B ina 8, kwa hiyo kilichokosekana ni 1011, na usemi wake ulikuwa umempa turufu B. Nilikuwa nimekata alama kwa idadi ya mistari bila kutaja ni upi, na mwanafunzi hakuwa na njia ya kujua. Cha pili kilikuwa na D 7 kama cha kijana wetu, lakini mstari uliorudiwa ulikuwa 0100 na uliokosekana 0101. Mistari hiyo miwili yote ina tokeo la sifuri. Ramani yake ilikuwa alama ya kujumlisha kamili, usemi sahihi, sakiti sahihi, na alikuwa amepata 12 kati ya 12. Nilikata moja kwenye jedwali, nikaandika "0101 haupo" pembeni kwa wino mwekundu, na kesho yake alikuja kuuliza kwa nini amekatwa alama kwa mstari ambao haukubadilisha chochote. Nilimpa karatasi tupu nikamwomba anitolee usemi wa swali lile lile kwa kukusanya sifuri badala ya moja, akitumia jedwali lake kama lilivyo. Alifika kwenye kundi linalohitaji kisanduku cha 0101, akakikuta hakina kitu, akaweka kalamu chini.